Yuniti moja ya umeme, yuniti tatu za joto

Weka mkono nyuma ya friji inayofanya kazi, utahisi joto. Sehemu kubwa ya joto hilo imetolewa ndani ya friji. Nyingine ni umeme wa kompresa uliogeuka kuwa joto. Pampu ya joto ya kupashia maji ni friji hiyohiyo iliyogeuzwa kazi: inalichukua joto la hewa ya nje na kulitia kwenye tangi.

Hewa ya asubuhi ina joto gani, utauliza? Gesi inayozunguka kwenye mabomba ya mashine huchemka hata chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo kwake hewa ya nyuzi 14 ni moto. Ikishavuta joto hilo, kompresa huibana, nayo huwa moto kuliko maji.

Koili ya kawaida ikila yuniti moja ya umeme hutoa yuniti moja ya joto, basi. Huo ndio ufanisi wa asilimia 100. Pampu ikila yuniti moja huvuta mbili hewani na kutoa tatu. Kwenye kibandiko chake utaona COP 3, yaani asilimia 300. Hakuna nishati iliyoumbwa. Asilimia hiyo inahesabu umeme unaoulipia tu, na hewa haina mita.

Tuchukue nyumba ya wageni Limuru, kwenye baridi, inayotumia lita 200 za maji moto kwa siku. Kuyatoa nyuzi 15 hadi 55 kunahitaji yuniti 9.3 za joto. Tukikadiria yuniti kwa shilingi 30, koili itakula shilingi 279 kwa siku. Pampu ya COP 3 itatumia yuniti 3.1, yaani shilingi 93. Kwa siku 30 tofauti ni shilingi 5,580. Kwa mtu anayeoga peke yake, sidhani bei ya mashine itarudi upesi.

Lakini hiyo tatu haikai palepale. Kadiri maji yanavyotakiwa kuwa moto kuliko hewa, ndivyo kompresa inavyotoa jasho. Ukipandisha tangi hadi nyuzi 65, au usiku ukiwa wa baridi kali, COP hushuka. Vumbi likiziba mapezi ambamo feni hupitisha hewa, hushuka pia.

Linalowaponza wengi ni koili ya akiba iliyomo ndani ya tangi. Kompresa ikiharibika, koili hushika zamu kimyakimya. Maji yanabaki moto, bili inarudi kama zamani. Sogea karibu na mashine inapopasha maji. Feni inapaswa kuvuma, na hewa inayotoka iwe baridi kuliko inayoingia. Kama feni imenyamaza na mita inakimbia, unapasha maji kwa koili.