Andiko Limefika, Lakini Limefunguka?

Afisa miradi wa shirika linalotoa ruzuku hufungua barua pepe zake asubuhi, mara nyingi kwenye simu akiwa bado njiani. Kwenye orodha ya barua zilizoingia anaona vitu vitatu tu: jina la mtumaji, kichwa cha barua, na maneno machache ya mwanzo. Katika barua nyingi za maombi maneno hayo ni yaleyale: "Ndugu, husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Tafadhali pokea kiambatanisho..." Hapo kioo kinaishia. Hajajua nani anaomba nini, wala kiasi gani, na chini yake kuna barua nyingine kumi zinazoanza vivyo hivyo.

Mtindo huo tumeurithi kwenye barua za karatasi, na kule ulikuwa na maana yake. Barua ilikuwa na YAH: iliyopigiwa mstari juu yake, na msomaji alikuwa ameshika ukurasa mzima mkononi. Kwenye simu, sentensi ya kwanza ndiyo inayomfanya msomaji afungue sasa hivi au aseme ataisoma baadaye.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wafugaji nyuki wa Sikonge, mkoani Tabora, kinachoomba ruzuku ya kununua mizinga ya kisasa. Wamehesabu mizinga 120 kwa shilingi 90,000 kila mmoja, mavazi 20 ya kurinia kwa shilingi 180,000, mashine ya kukamulia asali ya shilingi 2,500,000, na mafunzo ya shilingi 1,500,000. Jumla ni shilingi 18,400,000. Andiko lina kurasa 14 na picha sita za shamba zilizopigwa kwa simu. Katibu wa kikundi anajaribu kuliambatisha na kukuta faili lina MB 31.

Uzito huo hautokani na maandishi. Kurasa 14 za maneno matupu hazifiki hata MB 1. Picha moja ya simu ya siku hizi inaweza kuwa na MB 4 au 5, na ukiipunguza kwa kuivuta pembe ndani ya Word inaonekana ndogo kwenye ukurasa huku uzito wake ukibaki palepale.

Gmail inakubali kiambatisho kisichozidi MB 25. Faili likizidi hapo, hailikatai. Inalipandisha Google Drive yenyewe na kuweka kiungo ndani ya barua. Katibu anaamini ametuma andiko, kumbe ametuma anwani ya mahali lilipohifadhiwa. Na kwa kawaida faili la Drive huwa limefungwa kwa mwenyewe tu. Gmail huonya kabla ya kutuma kwamba mpokeaji hana ruhusa, lakini mwenye haraka hulipita onyo hilo. Afisa anapobonyeza anakuta ukurasa ulioandikwa "You need access", na kitufe cha kuomba ruhusa. Akikibonyeza, ombi linarudi kwa katibu ambaye huenda yuko porini anakagua mizinga na hana mtandao hadi Jumatatu. Kama maombi yanafungwa Ijumaa, kikundi kimekosa nafasi kwa sababu ya mpangilio mmoja tu kwenye skrini.

Kiambatisho nacho kina mtego wake. Barua pepe ilitengenezwa kubeba herufi, kwa hiyo faili hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri, na likigeuzwa uzito wake huongezeka kwa karibu theluthi moja. Faili la MB 8 linakaribia MB 11 likiwa njiani. Kwa Gmail hilo si tatizo, ila ofisi nyingi zenye seva zao zimeweka kikomo cha MB 10, na barua hugonga hapo. Dalili yake ni barua ya Kiingereza inayorudi kwa mtumaji baada ya dakika chache, ndani yake kukiwa na maneno kama "552 5.3.4 Message size exceeds fixed limit". Wengi huifuta wakidhani ni takataka. Barua hiyo inasema andiko halikufika kabisa.

Dawa ya yote mawili ni kupunguza uzito kabla ya kutuma. Katika Word ya kompyuta, ukibofya picha utaona sehemu ya "Compress Pictures". Ukichagua ubora wa barua pepe au wa skrini, picha sita zinaweza kushuka hadi chini ya MB 2 zote kwa pamoja. Kisha andiko lihifadhiwe kama PDF. Faili la Word likifunguliwa kwenye simu nyingine linaweza kuvuruga jedwali la bajeti, na jumla ya shilingi 18,400,000 ikajikuta ukurasa wa peke yake. PDF inabaki kama ilivyotoka kwa mwandishi.

Kwa andiko lililokwisha, kiambatisho ndicho kinachofaa, na sababu kubwa si uzito. Afisa miradi si mwamuzi wa mwisho. Analisukuma andiko kwa wajumbe wa kamati, labda watano, na mmoja wao atataka kulichapa. PDF inakwenda pamoja na barua popote inapopelekwa. Kiungo chenye ruhusa ya mtu mmoja kitawakwamisha wale wengine wote. Tena kiungo hufungua kilichopo leo: katibu akirekebisha bei ya mizinga Jumatano, mjumbe aliyesoma Jumanne na yule wa Alhamisi watajadili bajeti mbili tofauti bila kujua.

Kiungo kina kazi yake pia. Kinafaa kwa vitu vizito vya nyongeza, kama video ya shamba au picha nyingi za eneo, na kwa rasimu ambayo washirika bado wanaiandika pamoja. Kwa kazi ya kwanza, ruhusa iwe "Anyone with the link", na nafasi ya mgeni iwe "Viewer" ili asibadilishe kitu kwa bahati mbaya. Kisha kijaribiwe kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ambako mtumaji hajaingia kwenye akaunti yake. Kikifunguka hapo, kitafunguka kwa mpokeaji pia. Anwani ibaki ndefu kama ilivyo, kwa maana watu wa ofisini wameonywa mara nyingi kuhusu viungo vilivyofupishwa, na wana haki ya kuvikwepa.

Sasa ile sentensi. Katibu wa Sikonge angeweza kuandika kichwa cha barua hivi: "Ombi la ruzuku: mizinga 120, Sikonge, Sh 18,400,000". Halafu, mara tu baada ya salamu: "Tunaomba Sh 18,400,000 za mizinga 120, mavazi, mashine ya kukamulia asali na mafunzo, andiko ni PDF ya kurasa 14 iliyoambatishwa, na bajeti iko ukurasa wa 11. Video ya shamba iko kwenye kiungo hapa chini, inafunguka bila kuingia kwenye akaunti yoyote."

Sentensi hizo mbili zinaweza kunakiliwa na afisa moja kwa moja kwenye ujumbe wake kwa kamati. Zinataja kiasi, aina ya faili, urefu wake na ukurasa ambao kila mjumbe atautafuta kwanza. Tena zinalinda dhidi ya kosa la kawaida kuliko yote, la kusahau kuambatisha: afisa akisoma "PDF ya kurasa 14" na asiione, atajua papo hapo kuna kilichopungua na ataiulizia. Barua inayosema tu "pokea kiambatanisho" haimpi cha kulinganisha. Kwa upande wa mtumaji, kinga ni mpangilio wa kazi: faili liwekwe kwanza, maneno yafuate, na anwani ya mpokeaji ijazwe mwisho, kwani barua isiyo na anwani haiwezi kuondoka hata kidole kikiteleza.

Jina la faili nalo linasomwa. "Proposal final FINAL2.pdf" likishapakuliwa linapotea katikati ya mafinali ya vikundi vingine. "Andiko_Mizinga_Sikonge.pdf" linapatikana hata baada ya miezi mitatu. Na kama bei imepanda baada ya andiko kutumwa, katibu ajibu kwenye barua ileile, aambatishe faili lenye jina "Andiko_Mizinga_Sikonge_toleo2.pdf", na aandike mstari mmoja: "Toleo hili linachukua nafasi ya lile la kwanza, kilichobadilika ni bei ya mzinga tu, ukurasa wa 11, kutoka Sh 90,000 hadi Sh 95,000, na jumla sasa ni Sh 19,000,000."