Umefuta Majina, Lakini Mgonjwa Bado Anaonekana

Kila nikikaa na watu wa takwimu za afya, swali ni lilelile: "Majina tumeshayafuta, sasa tunaweza kuwapa watafiti hilo faili?" Nimelijibu mpaka limenichosha. Hapana. Anayekutafuta hana shida na jina lako, jina analo tayari. Anachotafuta ni mstari wako kwenye jedwali, na mstari huo unajulikana kwa mambo mengine kabisa.

Katikati ya miaka ya 1990, tume ya bima ya afya ya watumishi wa serikali katika jimbo la Massachusetts, Marekani, iliwapa watafiti kumbukumbu za matibabu za watu wapatao 135,000. Majina na anwani vilifutwa, na Gavana William Weld akawahakikishia wananchi kwamba siri zao ziko salama. Vikabaki vitu vitatu ambavyo hakuna aliyeviogopa: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi wa MIT, akanunua kwa dola 20 daftari la wapigakura la mji wa Cambridge, alikoishi gavana. Daftari lilikuwa na majina, na vitu vilevile vitatu. Waliozaliwa siku moja na gavana walikuwa sita. Wanaume kati yao, watatu. Mwenye msimbo wake wa posta, mmoja. Sweeney akarudi kwenye faili la bima, na mstari wa gavana ukajitokeza pamoja na magonjwa na dawa zake.

Wakosoaji walisema baadaye kwamba daftari halikuwa na wakazi wote wa mji, hivyo lenyewe halikutosha kuleta uhakika. Ni kweli. Lakini Weld alikuwa amezimia hadharani kwenye mahafali Mei 1996, na magazeti yakaandika. Tarehe ya kulazwa nayo inamtaja mtu.

Kwetu hata daftari halihitajiki. Chukua mstari huu wa kubuni kutoka zahanati ya wilayani: mwanamke, miaka 41, kata fulani, amejifungua mapacha watatu mwezi Machi, anatumia dawa za kufubaza VVU. Hakuna jina. Ila kata nzima ilikwenda kuwaona wale mapacha, na sasa yeyote mwenye faili anajua jambo la mwisho ambalo mama huyo hakumwambia hata dada yake.

Hapo mtu wa kompyuta hunyoosha mkono: "Sisi namba ya simu tumeigeuza kuwa msimbo wa SHA-256, hairudishiki." Dawa hii ya kienyeji inaniudhi kuliko kufuta majina, kwa sababu inavaa koti la sayansi. Hakuna haja ya kurudisha kitu. Namba za simu za mkononi Tanzania huanza na 06 au 07, kisha tarakimu nane, yaani haziwezi kuzidi milioni 200. Kompyuta ya kawaida ya mezani inazigeuza zote, moja baada ya nyingine, kwa dakika chache, kisha inalinganisha. Kuongeza neno la siri kabla ya kugeuza kunasaidia, mradi neno hilo lisivuje. Na hata likihifadhiwa vizuri, mama wa mapacha watatu bado yupo palepale.

Kinachofanya kazi ni kumchanganya mtu na wenzake: umri uwe kwa makundi ya miaka mitano, kata iwe wilaya, tarehe iwe robo ya mwaka, mpaka kila mchanganyiko uwe na watu wasiopungua, tuseme, kumi. Mistari isiyopata wenzake iondolewe. Lakini kama wote kumi wana kifua kikuu, ukijua kwamba mtu fulani yumo humo, umeujua ugonjwa wake bila kuujua mstari wake. Tena kila unachopunguza kina bei. Anayefuatilia kipindupindu anataka siku na mtaa, na ukimpa wilaya na robo ya mwaka hujampa kitu. Faili moja haliwezi kumfaa huyo na papo hapo likawa salama kumwagwa mtandaoni.

Basi, kwa haraka. Kama watafiti wanataka jumla, wape majedwali ya jumla, na visanduku vyenye watu wachache mno vifichwe. Kama wanataka mistari, waje waifanyie kazi kwenye kompyuta yako, watoke na matokeo yaliyokaguliwa, bila faili. Kama ni lazima faili litoke, liende kwa mtu aliyetia saini kwamba hatamtafuta mgonjwa yeyote, na litoke na safu anazozihitaji tu. Na kabla ya kutuma, panga jedwali kwa wilaya, jinsia na kundi la umri, uhesabu kila kundi lina wangapi. Ukikuta kundi lisilofika kumi, usitume.