Picha Tano za Skrini Bila Kuhifadhi Faili

Mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi anataka kumwelekeza karani mpya wa tawi la pili jinsi ya kuingiza mzigo kwenye programu ya stoo. Maelezo ya simu hayatoshi; karani lazima aone kitufe gani kibofywe na kipo wapi. Zinahitajika picha tano za skrini: orodha ya bidhaa, fomu ya mzigo mpya, sehemu ya bei, onyo linalotokea idadi ikiachwa wazi, na risiti ya mwisho. Zote ziingie kwenye waraka mmoja wa Word.

Wengi wangeifanya kazi hii kwa kurukaruka. Piga picha, nenda Word, bandika, rudi kwenye programu, tafuta ulipoishia, piga nyingine. Au wangehifadhi kila picha kama faili, kisha waingize moja moja na kuacha kwenye kompyuta faili tano zenye majina ya tarehe na saa ambazo hakuna atakayezifungua tena.

Kurukaruka huko kuna sababu. Unaponakili kitu, maneno au picha, kompyuta hukiweka kwenye ubao wa kunakili, na kwa miaka mingi ubao wa Windows ulibeba kitu kimoja tu, mfano wa bodaboda inayofuata sheria: abiria mpya akipanda, wa kwanza ameshashuka. Ukipiga picha ya pili kabla ya kubandika ya kwanza, ya kwanza imepotea. Mwaka 2018, katika toleo la Windows 10 linaloitwa 1809, Microsoft waliongeza historia ya ubao. Tangu hapo Windows inaweza kukumbuka vitu 25 vya karibuni, picha zikiwemo. Windows 11 nayo inayo.

Tatizo ni kwamba kwa kawaida historia hiyo huja ikiwa imezimwa. Kuiwasha kunahitaji kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi V. Kidirisha kidogo kitafunguka. Kama historia imezimwa, kitaonyesha kitufe cha Turn on. Ukibofye, basi. Anayependa kupitia mipangilio ataikuta kwenye Settings, chini ya System, halafu Clipboard. Iwashwe kabla ya kazi kuanza, kwa sababu picha zilizokwisha kufutwa na nyingine kwenye ubao hazirudi.

Mhasibu sasa anafungua programu ya stoo na kubonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Windows, Shift na S. Skrini inafifia, naye anaburuta kipanya kuzungushia sehemu anayoitaka. Akiachia, picha imekwisha kuingia kwenye ubao. Anaendelea na hatua inayofuata ya programu na kurudia vitufe vilevile, mara tano, bila kuigusa Word hata kidogo. Hapa ndipo muda unapookolewa hasa: anafuata mtiririko wa kazi kama karani atakavyoufuata, na harukwi na hatua kwa sababu ya kwenda na kurudi.

Akifika Word, anaweka kishale mahali picha ya kwanza inapotakiwa kukaa na kubonyeza Windows na V. Zile picha tano zinaonekana zikiwa zimepangwa wima, iliyopigwa mwisho ikiwa juu. Orodha ya bidhaa, aliyoanza nayo, ipo chini kabisa. Anaibofya, inabandikwa. Anaandika sentensi yake ya maelezo, anashuka mstari, anafungua kidirisha tena na kuchagua fomu ya mzigo. Hakuna njia ya kubofya picha tano kwa mpigo ndani ya kidirisha hiki. Kila moja ina zamu yake. Kwa waraka wa maelekezo hilo si kasoro kubwa, maana kati ya picha na picha lazima kuwe na maneno.

Anayetaka zote zimwagike mara moja anaweza kutumia ubao wa Office wenyewe, ambao ni kitu tofauti. Ndani ya Word, kwenye kichupo cha Home, kuna alama ndogo ya mshale kwenye kona ya sehemu ya Clipboard. Ikibofywa hufungua paneli pembeni inayobeba vitu hadi 24 na yenye kitufe cha Paste All. Paneli hiyo ifunguliwe kabla ya kuanza kupiga picha, la sivyo huenda isikusanye picha zote.

Kuna mambo machache yanayowachanganya watu. La kwanza ni picha zinazofanana. Ukipiga skrini nzima mara tano, vijipicha kwenye kidirisha vitakuwa kama mapacha, na utabandika risiti mahali pa fomu. Dawa yake ni kukata sehemu inayohusika tu. Waraka nao utasomeka vizuri zaidi.

La pili ni ukubwa. Kila kitu kinachoingia kwenye historia kina kikomo cha MB 4, hivyo picha ya skrini kubwa yenye rangi na maelezo mengi inaweza kukosa nafasi. Dalili yake inapotosha: Ctrl na V inaibandika vizuri, lakini ukifungua historia huioni. Picha kama hiyo ibandikwe papo hapo, au ikatwe iwe ndogo.

Halafu kuna ile idadi ya 25. Inahesabu kila kinachonakiliwa, si picha peke yake. Mhasibu akiacha kazi katikati na kuanza kunakili namba za Excel moja baada ya nyingine, picha zake za asubuhi zitasukumwa nje kimyakimya. Asiyetaka hilo abofye alama ya pini kwenye picha. Iliyobanwa haitolewi, na hata kompyuta ikiwashwa upya itakuwepo. Nyingine zote hufutika kompyuta inapowashwa upya.

Pia si kila mahali panapokubali picha. Word, barua pepe na WhatsApp ya kwenye kompyuta hupokea. Notepad kwa kawaida haipokei, kwa kuwa ni ya maandishi. Fomu ya mtandaoni inayosema uchague faili kwa kawaida inataka faili kweli, na hapo historia haisaidii.

Tena, msomaji wa Windows 11 asishangae akikuta picha zake zote tano kwenye folda ya Screenshots iliyo ndani ya Pictures. Snipping Tool, programu inayofanya kazi nyuma ya vile vitufe vitatu, siku hizi huhifadhi nakala yenyewe bila kuulizwa. Anayechukizwa na mrundikano huo aingie kwenye mipangilio ya Snipping Tool na kuzima Automatically save original screenshots. Picha zitaendelea kuingia kwenye ubao kama kawaida.

Kwenye kompyuta ya steshenari au ya ofisi inayotumiwa na watu wengi, mambo yanabadilika. Picha ya taarifa ya benki iliyopigwa saa nne bado ipo saa nane, na yeyote atakayekaa kwenye kiti hicho akibonyeza Windows na V ataiona, hata kama Word ilifungwa bila kuhifadhi chochote. Kabla ya kuondoka, fungua kidirisha na ubofye Clear all. Kitufe hicho huviacha vilivyobanwa kwa pini, kwa hiyo hivyo viondoe pini kwanza.