Karatasi Moja Ukutani

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wetu wa kambini, tuko Kiriri, Bujumbura. Tangu mwaka 2003, kanuni ya Umoja wa Mataifa inawakataza wafanyakazi wake kudai ngono ili wakupe msaada, kazi au pesa. Ukutani itoshe karatasi moja:

1. Sema nani, wapi, lini. Si lazima uwe na ushahidi.

2. Mpelekee mmoja kati ya wapokeaji wawili, mmoja wao mwanamke, mwingine kutoka nje ya kambi. Namba zao ziandikwe. Mpokeaji akiwa mkubwa wa mshtakiwa peke yake, watu watanyamaza.

3. Posho yako haikatwi. Ukitishwa, hilo ni kosa jipya; liripoti pia.

Kabla ya kuibandika, msomee jirani. Akikosa kujua aende kwa nani, andikeni upya.