Mwepesi mara thelathini au mzito mara nane: msuli unajali?

Pita kwenye jimu yoyote ya mtaani, zile ambazo vyuma vyake ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Utakuta sheria ambayo haijaandikwa ukutani lakini kila mtu anaijua: anayetaka kujaza mwili abebe mzito mara chache, na anayetaka kukata mwili tu abebe mwepesi mara nyingi. Sheria hii ina umri. Mwaka 1945 Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa akiwarejeshea nguvu askari majeruhi, aliandika kwamba uzito mkubwa kwa marudio machache hujenga nguvu, na uzito mdogo kwa marudio mengi hujenga stamina. Hapo zamani ilionekana imeisha hiyo.

Sasa mfikirie mwanafunzi wa hosteli. Hela ya jimu hana. Anacho kidumu cha maji, begi la vitabu na sakafu. Kama sheria ile ni kweli, basi jioni zake zote za kunyanyua kidumu zinampa stamina tu na mkono utabaki ulivyo. Kama si kweli, ana jimu chumbani na hajui.

Nikupe jibu kwanza halafu tulichambue: kwa upande wa ukubwa wa msuli, uzito mwepesi unaweza kujenga sawa na mzito. Lakini kuna sharti, na sharti lenyewe ndilo wengi hawalitimizi.

Tuelewane kidogo kwenye maneno. Rudio ni kupandisha na kushusha uzito mara moja. Seti ni mfululizo wa marudio bila kupumzika. Na watafiti wanapima wepesi au uzito wa mzigo kwa kuulinganisha na uzito wako wa juu kabisa, yaani ule ambao unaupandisha mara moja tu na ya pili haiji. Kama uzito wako wa juu kwenye zoezi fulani ni kilo 50, basi asilimia 80 ni kilo 40, na asilimia 30 ni kilo 15. Ule wa kilo 40 watu wengi wataupandisha mara nane mpaka kumi na kitu. Ule wa kilo 15 wanaweza kufika 30 au zaidi.

Mwaka 2012 maabara ya Stuart Phillips, katika Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada, ilichapisha utafiti ambao mimi naupenda kwa sababu ya ujanja wa mpangilio wake. Walichukua vijana wa kiume 18 ambao hawakuwa na mazoea ya kunyanyua vyuma. Zoezi lilikuwa moja: unakaa kwenye mashine, unanyoosha goti ukisukuma uzito kwa mguu mmoja. Zoezi hilo linaupiga msuli wa mbele ya paja. Ujanja ni kwamba miguu miwili ya mtu mmoja ilipewa mazoezi tofauti. Kulikuwa na aina tatu: seti 3 kwa asilimia 30, seti 3 kwa asilimia 80, na seti 1 tu kwa asilimia 80. Kila seti iliendelea mpaka mguu ushindwe. Walifanya hivyo mara 3 kwa wiki, kwa wiki 10.

Kwa nini miguu ya mtu mmoja? Kwa sababu ukilinganisha watu wawili, huyu anakula vizuri, yule analala saa tano, mwingine kazaliwa na mwili wa kujaa haraka. Miguu ya mtu mmoja inakula chakula kimoja, inalala kitanda kimoja na ina wazazi walewale. Ukiona tofauti kati yake, huwezi kusingizia ugali.

Walipima paja kwa picha za MRI kabla na baada. Miguu ya asilimia 80 kwa seti 3 iliongezeka ukubwa kwa asilimia 7.2. Miguu ya asilimia 30 kwa seti 3 iliongezeka kwa 6.8. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitilia maanani. Ile iliyofanya seti 1 nzito iliongezeka kwa 3.2. Kwa hiyo mguu uliobeba mwepesi kwa seti 3 haukuachwa nyuma na ule wa mzito.

Unaweza kusema, "Hao walikuwa wageni wa mazoezi, mgeni hujengeka kwa chochote." Ni hoja nzuri. Ndiyo maana mwaka 2015 Brad Schoenfeld na wenzake, Marekani, walirudia swali hilo kwa wanaume 18 wenye uzoefu wa kunyanyua. Kundi moja lilifanya marudio 8 mpaka 12 kwa seti, jingine 25 mpaka 35, kwa wiki 8. Misuli ya mikono na mapaja ilinenepa kwa kiwango kisichotofautiana. Mwaka uliofuata maabara ya Phillips ilirudi na wanaume 49 wenye uzoefu na wiki 12 za mazoezi, ikaona picha ileile.

Inakuwaje kilo 15 zifanye kazi ya kilo 40?

Msuli wako haufanyi kazi wote kwa mpigo. Umegawanyika katika makundi ya nyuzi, na kila kundi linaamrishwa na neva yake kutoka kwenye uti wa mgongo. Makundi madogo huitwa kwanza; haya hayana nguvu kubwa lakini hayachoki upesi. Makundi makubwa huitwa mwisho, pale tu yanapohitajika. Utaratibu huu uliwekwa wazi na mtafiti Elwood Henneman katikati ya karne iliyopita, na makundi hayo makubwa ndiyo yenye nyuzi zenye uwezo mkubwa wa kunenepa.

Fikiria daladala imekwama kwenye tope. Kama imezama mpaka magurudumu, kondakta hasubiri: anashusha abiria wote wasukume tangu mwanzo. Hiyo ni asilimia 80. Kama imekwama kidogo, anaanza na vijana wawili. Lakini barabara ni ndefu na tope haliishi. Wale wawili wakianza kuhema anaongeza watatu, kisha wanne, na mwishowe hata mzee aliyekuwa amekaa siti ya nyuma anashuka. Hiyo ni asilimia 30. Abiria wote wamesukuma, ila wengine wameshuka mwishoni kabisa.

Hapo ndipo sharti linapojitokeza. Ukiacha kusukuma wakati vijana wawili ndio wameanza kuchoka, abiria wengine hawakuguswa. Kwenye seti ya marudio 30, yale ya mwanzo ni kama nauli ya kukufikisha kwenye yale ya mwisho.

Watafiti wa Brazili walilipima jambo hili waziwazi, tena kwa zoezi lilelile la kunyoosha goti, kwa wiki 8. Walikuwa na uzito wa asilimia 80 na wa asilimia 30, na kila mmoja ulifanywa kwa namna mbili: mpaka kushindwa, au kuacha mapema. Kwa uzito mkubwa, kuacha mapema hakukuleta hasara. Paja liliongezeka karibu asilimia 8 kwa namna zote mbili. Kwa uzito mdogo mpaka kushindwa, nao ulileta karibu 8. Ila uzito mdogo ukiachwa mapema, ongezeko lilikuwa chini ya asilimia 3.

Tatizo ni kwamba mwepesi unadanganya. Kwenye seti ndefu msuli unaanza kuwaka moto mapema, labda rudio la 18, na watu wengi wanaweka chini wakiamini wamefika. Kuwaka siyo kugoma. Namna ya kutofautisha ni kuangalia mwendo. Msuli unapowaka tu, bado unaweza kupandisha kwa kasi ileile ukijilazimisha. Unapokaribia kugoma, uzito unapanda polepole hata kama unasukuma kwa nguvu zako zote, na huwezi kuuharakisha. Ukibakiza rudio moja au mawili kabla ya kugoma kabisa, hapo umefika panapotosha. Ukiona mgongo unapinda au unarusha mwili ili uzito upande, seti imekwisha, usijihesabie.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Anachukua kidumu cha lita 10; lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo mzani hauhitajiki. Anainama, mkono mmoja ameuegemeza kitandani, mwingine unavuta kidumu mpaka ubavuni. Anapandisha mara 24 na ya 25 inapanda kwa shida, ikijikokota. Vizuri, uzito huo unamfaa. Anapumzika dakika 2, anarudia mpaka seti 3, kisha mkono wa pili. Baada ya wiki kadhaa atajikuta anafika 35. Akibeba kidumu cha lita 20 atie lita 12 ndani yake, aanze tena kuhesabu. Lakini kama siku ya kwanza kabisa alivuta mara 70 na bado anaweza kuongea na simu, kidumu hicho ni chepesi mno. Wepesi nao una sakafu: utafiti mwingine wa Brazili uliolinganisha asilimia 20, 40, 60 na 80 uliona asilimia 20 ikijenga takriban nusu tu ya kile kilichojengwa na 80, wakati 40 na 60 hazikuachwa mbali.

Kuna mahali ambapo mzito unashinda bila ubishi, nako ni kwenye nguvu yenyewe. Miguu ya Kanada iliyofanya asilimia 80 iliongeza zaidi uzito wake wa juu, ingawa paja halikuwa nene zaidi. Wazoefu wa Schoenfeld waliofanya mzito waliongeza uzito wao kwenye skwati kwa karibu asilimia 20, wenzao wa mwepesi karibu 9. Kunyanyua mzito ni ufundi pia, na neva huujifunza kwa kuufanya. Anayejiandaa kwa mashindano ya kunyanyua vyuma, kidumu hakitamtosha.

Na mwepesi una bei yake. Skwati 30 za kweli zinaweza kukumaliza pumzi kabla mapaja hayajagoma, na hapo utakuwa umeacha kwa sababu ya moyo, siyo msuli. Kwa miguu ni afadhali kufanya mguu mmoja mmoja, ukishika kiti kwa ajili ya usawa: pumzi inatosha na mzigo unaongezeka bila kununua chochote. Mikono na mabega hayana shida hiyo sana.

Jambo moja zaidi ulibebe: tafiti hizi zilikuwa za vijana wa kiume, kwa wiki 8 mpaka 12. Namba zake zisomwe hivyo. Na ile habari ya mwepesi "kukata" mwili, huku mzito "ukijaza", haina mahali pa kukaa kwenye picha hizi za MRI: paja lililobeba kilo chache lilijaa vilevile.