Uzoeshaji wa Pavlov na uzoeshaji wa Skinner

Uzoeshaji wa Pavlov na uzoeshaji wa Skinner ni njia mbili za kujifunza zinazoelezwa katika saikolojia. Ya kwanza inahusishwa na Ivan Pavlov (1849–1936), mwanafiziolojia wa Urusi. Ya pili na B. F. Skinner (1904–1990), mwanasaikolojia wa Marekani. Katika ya kwanza, kiumbe hujifunza kwamba jambo fulani hutangulia jingine. Katika ya pili, hujifunza kwamba tendo lake mwenyewe huleta matokeo fulani.

Njia hizi huchanganywa hasa katika maswali ya mitihani yanayosimulia tukio. Tuseme muuza samaki katika bustani ya Forodhani, Unguja, hugonga koleo kwenye jiko kila jioni kabla ya kuwatupia paka mabaki. Baada ya siku kadhaa, paka akisikia mlio huo hudondokwa na mate, kisha hukimbilia mezani. Je, huo ni uzoeshaji gani?

Wengi hujibu upesi kwamba ni wa Skinner, kwa kuwa paka amepata chakula kama thawabu. Lakini chakula kimo katika njia zote mbili. Mbwa wa Pavlov nao walilishwa. Linalotakiwa kuulizwa ni kama chakula kinategemea tendo la mnyama. Mate ya paka hayaleti samaki: adondokwe asidondokwe, mabaki yatatupwa. Mlio ulikuwa hauna maana kwake, sasa umekuwa ishara ya chakula. Huo ni uzoeshaji wa Pavlov.

Mbio ni jambo jingine. Ikiwa anayefika mezani ndiye anayepata kipande na anayebaki ukutani hakosi kulala njaa, kukimbia kunaimarishwa na matokeo yake, na huo ni uzoeshaji wa Skinner. Kwa hiyo swali lenyewe lina majibu mawili, na mtahini anayetaka moja tu ametunga swali bovu.

Kigezo cha "mwitikio usio wa hiari" dhidi ya "tendo la hiari" husaidia, ila hakitoshi, kwani hata mbio zinaweza kuamshwa na ishara tu. Kipimo bora ni kubadili kanuni: muuzaji awe anamnyima chakula kila paka anayekimbia, na kumlisha anayetulia. Mbio zikipungua, zilikuwa zikitegemea matokeo. Zikiendelea ingawa zinamkosesha mlo, ishara ndiyo inayomvuta.

Njia hizi hutumika pamoja pia katika kufunza panya buku wa shirika la APOPO mjini Morogoro, wanaonusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Kwanza panya husikia mlio mfupi wa kubonyeza, kisha hupewa chakula, mpaka mlio uwe ishara ya chakula. Baadaye mlio hutolewa pale tu panya anapoonyesha harufu sahihi. Hatua ya kwanza ni ya Pavlov, ya pili ni ya Skinner.