Baada ya 16 inakuja namba gani? Yoyote uitakayo

Swali ni lile lile, hubadilishwa namba tu: 1, 2, 4, 8, 16, kisha pengo, kisha "namba inayofuata ni ipi?" Limo katika vitabu vya mazoezi vya shule za msingi, limo katika mitihani ya usaili wa kazi, na limejaa katika makundi ya WhatsApp, ambako huja na tambo kwamba wachache mno ndio wanaolipata. Aliyejibu 32 anapewa vema, aliyejibu 31 anachekwa, na hatimaye mtu wa hisabati anaitwa aamue ugomvi. Uamuzi wake huwa hauwafurahishi wengi: swali lenyewe ndilo bovu. Jibu la 32 ni sahihi, la 31 ni sahihi, la 30 ni sahihi, na la 23 nalo ni sahihi, kwa sababu kila moja lina kanuni inayotoa namba zote tano zilizotangulia bila kukosea hata moja. Na hapa hakuna hila yoyote, kama tutakavyoona.

Kanuni ya 32 inajulikana na kila mtu: zidisha kwa mbili. Tuanze basi na 31, ambayo hupatikana kwa penseli na karatasi. Chora duara. Weka nukta moja pembeni mwake, juu ya mstari wa duara. Ndani kuna eneo moja. Weka nukta mbili na uziunganishe kwa mstari ulionyooka. Sasa maeneo ni mawili. Kwa nukta tatu, zote zikiunganishwa, utahesabu maeneo manne. Kwa nukta nne, manane. Kwa nukta tano, kumi na sita. Wengi hapa huweka penseli chini wakiamini wameshaona mwendo. Wangeongeza nukta ya sita, wakihakikisha kwamba mistari mitatu haikutani mahali pamoja, wangehesabu maeneo 31, na wangeyahesabu tena na tena wakidhani wameruka moja. Hawajaruka. Kila mstari unaochorwa unaongeza eneo moja, na kila mahali mistari miwili inapokatana ndani ya duara huongezeka eneo jingine. Nukta sita zina mistari 15. Kila nukta nne zinatoa makutano mamoja, na katika nukta sita kuna njia 15 za kuchagua nne, kwa hiyo makutano ni 15. Jumlisha na eneo lile moja la mwanzo: 1 + 15 + 15 = 31. Hesabu hiyo hiyo kwa nukta tano ni 1 + 10 + 5, yaani 16. Kanuni haikubadilika njiani. Ilikuwa ile ile tangu nukta ya kwanza, ila katika hatua tano za mwanzo ilifanana na kuzidisha kwa mbili.

Kanuni ya 23 ni rahisi zaidi, hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza: chukua namba uliyo nayo, ujumlishe tarakimu zake, kisha uongeze jumla hiyo kwenye namba yenyewe. Moja na moja ni mbili, mbili na mbili ni nne, nne na nne ni nane, nane na nane ni kumi na sita. Maadamu namba ina tarakimu moja, kujumlisha tarakimu zake ni kuirudia yenyewe, kwa hiyo inaongezeka maradufu. Ikifika 16 tarakimu zinakuwa 1 na 6, jumla yake 7, na namba inayofuata ni 23. Kanuni ya 30 nayo inatokana na jambo linalofundishwa shuleni. Zidisha namba kuanzia moja: 1, kisha 1×2, kisha 1×2×3, ukiendelea hivyo utapata 1, 2, 6, 24, 120, 720. Sasa hesabu ni namba ngapi zinazoigawa kila moja bila kubaki kitu. Ya kwanza inagawika kwa namba moja, ya pili kwa mbili, 6 kwa nne (1, 2, 3 na 6), 24 kwa nane, 120 kwa kumi na sita, na 720 kwa thelathini.

Wapo watakaosema kanuni hizi zimetafutwa makusudi ili kuharibu fumbo. Hilo si kweli. Maeneo ya duara yalikuwepo kabla ya mtungaji wa fumbo kuzaliwa. Lakini tuseme tunaruhusiwa kutafuta makusudi. Basi mambo yanakuwa mabaya zaidi kwa mtungaji, kwa sababu tunaweza kumpa namba yoyote atakayoitaja. Kanuni ni hii, ambamo n ni nafasi ya namba katika mfuatano:

```
2^(n-1) + c(n-1)(n-2)(n-3)(n-4)(n-5)/120
```

Katika nafasi ya kwanza hadi ya tano, mojawapo ya mabano inakuwa sifuri, na kipande chote cha pili kinatoweka. Kinachobaki ni 1, 2, 4, 8, 16. Katika nafasi ya sita mabano yanazaa 5×4×3×2×1, yaani 120, inayogawanywa kwa 120, na jibu linakuwa 32 + c. Unataka 100? Weka c kuwa 68. Unataka sifuri? Weka c kuwa hasi 32. Hakuna namba itakayoshindikana.

Sasa tuje kwenye dawa ya kienyeji inayouzwa kila mahali: toa namba mbili zilizo jirani, andika tofauti, toa tena tofauti hizo, endelea hadi upate mstari usiobadilika, kisha rudi juu ukijumlisha. Wanafunzi wanaambiwa kwamba njia hii haikosei kamwe. Tuijaribu kwenye fumbo letu. Tofauti za 1, 2, 4, 8, 16 ni 1, 2, 4, 8. Tofauti za hizo ni 1, 2, 4. Kisha 1, 2. Kisha 1 peke yake. Mstari wenye namba moja haubadiliki, maana hauna cha kubadilika nacho. Tukirudi juu tunapata 2 + 1 = 3, kisha 4 + 3 = 7, kisha 8 + 7 = 15, na mwisho 16 + 15 = 31. Njia isiyokosea imetoa jibu ambalo mtungaji atalikata kwa kalamu nyekundu! Mwongezee namba mwanafunzi huyo, umpe 1, 2, 4, 8, 16, 32, na njia itampa 63. Mwongezee 64, itampa 127. Itapungua moja kila mara, hata ukimpa namba mia, kwa kuwa tofauti za namba zinazozidishwa kwa mbili ni namba zile zile tena, na mstari usiobadilika hautakuja kamwe ila pale karatasi inapoishiwa namba. Kinachofanywa na njia hii ni kuchagua aina moja ya kanuni, zile za vipeo na kujumlisha tu, na ndani ya aina hiyo kuchukua yenye kipeo kidogo kuliko zote. Ni kazi halali. Ila kumwambia mtoto kwamba ndiyo inayofichua kanuni ya kweli ni kumdanganya, na inachosha kuona udanganyifu huo ukichapishwa mwaka hadi mwaka.

Pingamizi lenye uzito zaidi linasema: kubali kanuni ni nyingi, lakini jibu ni lile la kanuni iliyo nyepesi kuliko zote. Sawa, nyepesi kwa mizani gani? Mtu aliyezoea kuzidisha ataona kuzidisha kwa mbili ni nyepesi. Anayeshikilia njia ya tofauti ana mizani yake, nayo inampa 31. Mtoto anayejua kujumlisha tu anaweza kuona kanuni ya tarakimu haihitaji hata jedwali la kuzidisha. Wepesi unategemea vifaa ulivyoruhusiwa kutumia, na fumbo halikutaja vifaa. Mtahini anayesema "ya wazi zaidi" anamaanisha ile iliyomjia yeye kwanza. Hapo anapima kama mtahiniwa amesoma vitabu alivyosoma yeye, kisha matokeo anayaita akili.

Wengine wanadhani tatizo litaisha kwa kuongeza namba. Halitaisha. Kanuni yenye c inaweza kuongezewa mabano kadiri namba zinavyoongezwa. Na hata bila kutengeneza chochote, hisabati ina mifano ya mwendo mrefu unaovunjika. Leonhard Euler alionyesha katika karne ya 18 kwamba ukichukua n, ukaizidisha kwa yenyewe, ukaongeza n na 41, unapata namba tasa kwa n ya 0, kwa 1, kwa 2, na kuendelea hadi 39. Ni mara arobaini mfululizo. Ikifika 40 unapata 1681, ambayo ni 41 mara 41. Aliyeona arobaini za kwanza na kutangaza kwamba ya arobaini na moja pia ni tasa alikuwa na ushahidi mara nane ya ule wa fumbo letu, na bado alikosea.

Itaulizwa basi wanasayansi wanawezaje kukadiria kesho kwa vipimo vichache vya leo. Wanaweza kwa sababu wanajua kinachozaa namba hizo. Ukiniambia kila bakteria anagawanyika kuwa wawili, na chakula kipo, nitasema 32 bila kusita. Kanuni imetoka kwa bakteria, haikutoka kwenye namba tano. Isitoshe, mwanasayansi husubiri kipimo cha sita, na kikija 31 anaitupa kanuni yake. Fumbo halina kipimo cha sita.

Kwa wanaotaka la kufanya: mwalimu, andika kanuni ndani ya swali ("kila namba ni maradufu ya iliyotangulia"), au omba kanuni mbili tofauti na utoe alama kwa maelezo. Maswali ya kuchagua hayakuokoi, kwa kuwa 23, 30, 31 na 32 zikiwa herufi A hadi D zote zinatetewa. Mzazi, mtoto akileta jibu la ajabu muulize amelipataje kabla ya kumsahihisha. Msailiwa, jaza 32, andika kanuni yako pembeni kama nafasi ipo, na usipoteze dakika zaidi. Ukitaka kuona wingi wa kanuni zenyewe, andika 1, 2, 4, 8, 16 katika tovuti ya oeis.org, mkusanyo ulioanzishwa na Neil Sloane mwaka 1964 akiwa bado mwanafunzi: kuzidisha kwa mbili ni A000079, maeneo ya duara ni A000127, na orodha itakayofuata ni ndefu. Na mtahini anayeshikilia kwamba 31 ni kosa aombwe aonyeshe, kati ya namba tano alizozitoa mwenyewe, ni ipi inayoikataa.